Kifuniko cha Karai: Somo la Kukaanga kwa Mafuta Bila Kuungua

Sufuria hununuliwa pamoja na kifuniko chake, na chungu huuzwa pamoja na mkungu wake. Karai peke yake huondoka sokoni likiwa wazi. Chombo ambacho hujazwa mafuta ya moto kuliko vyombo vyote vya nyumbani ndicho kisichopewa cha kukifunika, na mara nyingi huishi miaka mingi jikoni bila yeyote kuona upungufu huo. Upungufu huonekana siku moja tu, mafuta yanapowaka, na siku hiyo hakuna nafasi ya kwenda kutafuta sinia kwa jirani.

Somo hili linawahusu wakazi wanaokaanga nyumbani, na vilevile mama lishe na vijana wa vibanda vya chipsi ambao mafuta ni kazi yao ya kila siku. Linaeleza kwa nini mafuta huruka, kwa nini huwaka, na kipi cha kufanya katika dakika ya kwanza. Dakika hiyo ni ya mpishi mwenyewe. Gari la zimamoto, hata likiwa karibu, halifiki ndani yake.

Kutafuta kifuniko kinachofaa

Kifuniko cha karai kitafutwe siku ambayo hakuna kinachopikwa, karai likiwa tupu na la baridi. Kinachofaa zaidi ni sinia bapa la bati au la chuma, pana kuliko mdomo wa karai kwa vidole vitatu au vinne kila upande. Kifuniko cha sufuria kubwa nacho hufaa, mradi kiwe cha madini. Cha kioo kinaweza kupasuka kikikutana ghafla na mwali, na sinia la plastiki litayeyuka na kuongeza moto.

Kuna kasoro moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Makarai mengi yana mikono miwili iliyosimama juu ya ukingo. Sinia likiwekwa juu ya karai la namna hiyo hukaa juu ya mikono, na kubaki na mwanya mwembamba kuzunguka mdomo wote. Kwa mwanya huo hewa huendelea kuingia na moto huendelea kuishi. Kwa hiyo sinia lijaribiwe: liwekwe juu ya karai tupu, kisha mtu ainame na kutazama kwa usawa wa ukingo. Akiona mwanga upande wa pili, sinia hilo halifai kwa karai hilo. Atafute kifuniko kinachoingia katikati ya mikono na kulala juu ya ukingo wenyewe, au ampelekee fundi bati mwenye uwezo wa kukata bati la mviringo kwa kipimo na kulitia kishikio juu. Kazi hiyo ni ndogo kwa fundi.

Kifuniko kikishapatikana, mahali pake ni kando ya jiko, upande wa mkono ambao mpishi huutumia, na si juu ya kabati wala chini ya rundo la vyombo. Kianze kuwekwa hapo kabla mafuta hayajamiminwa. Nyumba nyingine hukitundika kwenye msumari ukutani, hatua moja kutoka jikoni. Hiyo ni desturi nzuri, ila msumari usiwe nyuma ya jiko, mahali ambapo mtu atalazimika kupitisha mkono juu ya moto ili akifikie.

Kwa nini mafuta huruka

Mafuta yenyewe hayaruki. Kinachoruka ni maji. Maji huchemka katika nyuzi joto 100, ilhali mafuta ya kukaangia maandazi au samaki huwa kati ya nyuzi 170 na 190. Tone la maji likiingia humo huwa limekwisha kupita joto la kuchemka kabla halijafika chini, na hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huchukua nafasi kubwa mno kuliko maji uliotokana nayo, karibu mara 1,700. Kijiko kimoja cha chai cha maji hutoa mvuke wa kujaza ndoo ya lita 8. Mvuke huo hutafuta njia ya kutoka, na ukitoka huyasukuma mafuta mbele yake hadi kwenye mkono na uso wa mpishi.

Mtu akilielewa jambo hilo moja, karibu tahadhari zote za kukaanga hujieleza zenyewe. Samaki aliyeoshwa hupanguswa kwa kitambaa safi na kikavu, nje na ndani ya tumbo, kisha hupakwa unga mwepesi wa ngano ili unyevu uliosalia unyonywe. Sato au perege mzima hukatwa chale ubavuni, si kwa ajili ya viungo kuingia tu, bali ili mvuke wa ndani upate mlango. Mayai ya samaki yana ngozi nyembamba inayofungia maji, na yakitiwa mazima hupasuka kwa kishindo. Hutobolewa kwanza kwa ncha ya kisu. Viazi vya chipsi vilivyolowekwa ili kuondoa wanga humwagwa kwenye chujio, kisha hutandazwa juu ya kitambaa na kukaushwa. Samaki aliyetoka kwenye friji akiwa na chembe za barafu haingii kwenye mafuta mpaka barafu iyeyuke na maji yake yapanguswe, kwa maana barafu ni maji yaliyojificha.

Ipo desturi moja inayostahili kuachwa kabisa. Wapishi wengi hupima joto la mafuta kwa kuyarushia matone ya maji kwa ncha za vidole na kusikiliza mlio. Ni sawa na kuyachokoza. Ncha ya mwiko wa mti, ikiwa kavu, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: ikizamishwa na vipovu vidogo vikaanza kupanda kuizunguka kwa utulivu, mafuta yako tayari. Kipande kidogo cha donge la maandazi nacho husema kweli. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado ni ya baridi. Kikipanda juu taratibu huku kikitoa povu, joto linatosha. Kikiwa cheusi mara tu kinapogusa mafuta, joto limepita kiasi, na jiko linahitaji kupunguzwa.

Namna ya kutia chakula ina uzito sawa na ukavu wake. Mwenye hofu hutupa kipande kutoka juu ili mkono wake uwe mbali, na kipande kinachoanguka hurusha mafuta kuliko kinachowekwa. Kipande kishushwe karibu kabisa na uso wa mafuta, kiingie kwa upande ulio jirani na mpishi, na sehemu inayobaki ilazwe kuelekea upande wa mbali. Kwa samaki, kichwa huingia kwanza karibu na mpishi, na mkia hulala mbali naye. Hivyo wimbi dogo la mafuta hukimbilia ng'ambo. Kugeuza nako hufanywa kwa mwiko mrefu wa matundu, na si kwa uma mfupi.

Kuhusu kiasi, mafuta yasipite nusu ya kina cha karai, na kwa vyakula vyenye maji mengi kama chipsi, theluthi moja ni salama zaidi. Viazi vingi vikitiwa kwa pamoja, maji yao yote hugeuka mvuke kwa wakati mmoja, mafuta huumuka kama maziwa yanayochemka, na povu hupita ukingo na kumwagikia makaa. Moto mwingi wa vibanda vya chipsi huanzia hapo, nje ya karai, kisha huupanda ukuta wa chombo na kuingia ndani. Vitiwe kidogo kidogo, na mpishi angoje povu la kwanza litulie kabla ya kuongeza.

Safari ya mafuta kutoka moshi hadi mwali

Chukuliwe mfano wa mpishi wa maandazi anayeanza kazi saa 11 alfajiri. Ana jiko la mkaa lililojazwa hadi juu, karai la lita 6, na mafuta lita 2. Asubuhi ni ya baridi na donge lake halijaumuka. Ili asichelewe, anayaweka mafuta jikoni mapema, akidhani yatamngojea. Kisha anaingia ndani kuwaandaa watoto wa shule.

Mafuta hayangoji. Jiko la mkaa lililokolea halina kiasi, na karai lisilotiwa kitu cha baridi hupanda joto mfululizo. Katika nyuzi 180 mafuta huwa maangavu, na uso wake hutetemeka kidogo kama barabara ya lami wakati wa jua kali. Hapo ndipo maandazi yalipaswa kuingia. Yakikaribia nyuzi 230, mafuta ya alizeti au ya mawese yaliyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi mwembamba wa rangi ya samawati ukingoni. Alizeti ya kukamua isiyosafishwa hutoa moshi mapema zaidi, na mafuta yaliyokwisha kutumika mara kadhaa, yenye makombo meusi chini, nayo huwahi. Ndiyo sababu mafuta ya kurudia huchujwa kila siku, na hutupwa yanapokuwa meusi, mazito na yenye povu lisilokwisha.

Moshi huo ni onyo la mwisho lenye adabu. Baada yake harufu hubadilika ikawa kali, yenye kuwasha macho na koo, na moshi huwa mzito. Zaidi ya nyuzi 300, mvuke wa mafuta wenyewe huweza kushika moto ukikutana na mwali au kaa lililo wazi. Karibu na nyuzi 360 au 370 hauhitaji hata cheche. Mafuta hujiwasha. Mpishi aliye chumbani huusikia moto kabla hajauona, kwa sauti ya mvumo mzito, na akitoka hukuta mwali umesimama juu ya karai kwa urefu wa mtoto.

Kosa la mpishi huyu halikuwa uzembe. Lilikuwa katika mpangilio wa kazi. Donge huumuka kwanza, husukumwa, hukatwa na kupangwa juu ya sinia, ndipo mafuta huwekwa jikoni. Kwa jiko la mkaa, makaa yawe yamekwisha kukolea na mwali wake umetulia, na yasijazwe hadi juu. Mkaa usiongezwe wakati mafuta ya moto yako juu ya jiko. Na kama mpishi analazimika kuondoka, hata kwa kuitwa na mteja, mwenye jiko la gesi azime kwanza. Mwenye jiko la mkaa amwachie mtu mzima mahali pake, kwa kuwa mkaa hauzimwi kwa kitufe.

Dakika ya kwanza

Mwali ukiwa ndani ya karai, kazi ni moja: kuunyima hewa. Mpishi achukue kifuniko kwa mkono mmoja, akisimamishe mbele yake kama ngao kati ya uso na moto, akisogeze kutoka upande wake mpaka kiguse ukingo wa karibu, kisha akilaze kuelekea mbele mpaka kifunike mdomo wote. Kisidondoshwe kutoka juu, maana kinaweza kukaa vibaya au kuyarusha mafuta. Kikikaa sawasawa, mwali hufa kwa sekunde chache.

Mwenye jiko la gesi azime gesi. Kama kitufe kinafikika bila kupitisha mkono kwenye mwali, azime kabla au wakati uleule wa kufunika. Ila nyumba nyingi hutumia mtungi mdogo wa kilo 6, ambao kichomeo chake hufungwa juu ya mtungi wenyewe, na kitufe kiko chini ya karai. Huko moto ufunikwe kwanza, ndipo mkono ushuke kwenye kitufe. Mtungi huo una udhaifu mwingine: vishikilio vyake ni vifupi, na karai pana lenye kitako cha duara huyumba juu yake. Mafuta yakimwagika hushukia moja kwa moja kwenye valvu. Karai kubwa la biashara halifai kabisa kwa mtungi wa namna hiyo. Na moto ukishaizunguka valvu, hakuna tena kazi ya mpishi hapo. Watu wote watoke, wasogee mbali, na msaada uitwe.

Mwenye jiko la mkaa ana kazi ngumu zaidi, na ni vema kusemwa wazi. Akishafunika, afunge mlango wa hewa ulio chini ya jiko kwa kutumia koleo au kijiti, si kidole. Makaa hayatazimika mara moja. Yataendelea kuyapa mafuta joto kwa muda, na ndiyo maana kifuniko hakiguswi. Hamu ya kufunua kidogo ili kuona kama moto umekwisha ndiyo inayourudisha, kwa maana mafuta bado yamepita joto la kujiwasha na yanachongoja ni hewa tu. Karai liachwe hivyo hadi makaa yafe na chombo kipoe, jambo linaloweza kuchukua saa nzima na zaidi. Maandazi ya asubuhi hiyo yamekwisha kupotea. Hesabu hiyo ikubaliwe mapema.

Karai linalowaka halibebwi. Watu wenye nguvu na nia njema hulishika kwa vitambaa na kukimbia nalo uani ili kuokoa nyumba. Hatua mbili tu zikishapigwa, mwali hulala nyuma kuelekea kwa mbebaji, mikono huungua, karai huachiwa, na lita 2 za mafuta yanayowaka husambaa sakafuni na miguuni.

Maji nayo hayamwagwi. Hili ndilo kosa linalofanywa zaidi, kwa sababu kila mtoto amefunzwa kwamba maji huzima moto, na jirani wa kwanza kufika huja na ndoo. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama. Yakiwa chini, ndani ya mafuta yenye joto la zaidi ya nyuzi 300, hugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua. Kikombe kimoja cha robo lita hutoa mvuke wa takriban lita 400, yaani mapipa mawili makubwa ya maji. Mvuke huo huyainua mafuta yote hewani yakiwa matone madogo, kila tone likiwaka, na mwali uliokuwa wa futi tatu hugonga dari au makuti. Mwenye kumwaga ndiye wa kwanza kuungua. Basi atakayefika na ndoo azuiwe mlangoni, na maji yake yatunzwe. Yatahitajika baadaye kwa kazi nyingine.

Unga wa ngano, unga wa mahindi na sukari havifai, kwa kuwa vyenyewe huwaka, na unga uliotimka hewani unaweza kulipuka. Magadi ya kuumulia huzima mwali mdogo wa kikaango, lakini pakiti moja haitoshi kwa karai. Mchanga mkavu hufaa kwa mafuta yaliyomwagika na kuwaka sakafuni. Ukitupwa ndani ya karai huyarusha. Kitambaa kilicholoweshwa hutajwa mara nyingi na watu wazima waliowahi kukitumia. Kinaweza kusaidia pale tu pasipo na kifuniko, na kiwe kizito cha pamba, kikubwa kuliko mdomo wa karai, na kilichokamuliwa mpaka hakitoni. Kinachotona ni sawa na kumwaga maji. Kitambaa cha nailoni kisitumike kamwe.

Wenye vibanda na migahawa mara nyingi huwa na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu. Huo ukielekezwa kwa karibu huyapuliza mafuta nje ya chombo, na hata ukiua mwali hauyapozi mafuta, hivyo moto unaweza kurudi. Kwa mafuta ya kupikia upo mtungi wake maalumu, wenye kemikali ya majimaji, ulioandikwa herufi F. Mfanyabiashara anayekaanga kila siku aulizie huo kwa maofisa wa zimamoto, na kifuniko kiendelee kukaa kando ya jiko.

Moto ukishindikana kufunikwa, au ukishika pazia, makuti au dari, watu watoke na mlango uvutwe nyuma yao. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga ataje kata, mtaa au kijiji, na alama inayojulikana kama shule, msikiti, kanisa au kituo cha daladala, aeleze kwamba kinachowaka ni mafuta na kama kuna mtungi wa gesi, na kama kuna mtu ndani. Asikate simu kabla hajaambiwa. Mtu mwingine apelekwe barabarani kulipokea gari, kwa maana vichochoro vingi havina vibao.

Ngozi ikishaungua

Mafuta ya moto ni mabaya kuliko maji ya moto kwa sababu mbili: yana joto zaidi, na hunata. Maji hutiririka na kuondoka, ilhali mafuta hubaki juu ya ngozi yakiendelea kuipika. Hapa ndipo ndoo ya jirani inapopata kazi yake. Mahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili, zikihesabiwa kwa saa. Mafuta yasifutwe kwa kitambaa, kwani ngozi iliyolainika itatoka nayo. Pasipo na bomba, mtu mmoja amimine kwa kata au kikombe taratibu, au mkono uzamishwe katika beseni na maji yabadilishwe kila yanapopata uvuguvugu. Hata aliyechelewa asiseme wakati umepita. Kupoza kuna faida hadi saa tatu baada ya kuungua. Barafu isitumike, kwa sababu huiumiza zaidi ngozi iliyokwisha kuumia.

Wakati wa kupoza, pete, bangili na saa zivuliwe kabla vidole havijavimba, na nguo iliyolowa mafuta iondolewe. Iliyogandamana na ngozi iachwe, na ikatwe kuizunguka. Mtoto mdogo apozwe sehemu iliyoungua tu, na mwili uliobaki ufunikwe kanga au blanketi, kwa sababu watoto hupoteza joto upesi.

Dawa ya meno, yai bichi, majivu, chumvi, unga, siagi na mafuta ya taa havina kazi juu ya kidonda cha moto. Baadhi huzuia joto kutoka, vingine huingiza vijidudu, na vyote humlazimu mganga kuvikwangua ili aone kina cha jeraha, jambo linalomtia mgonjwa maumivu ya pili. Baada ya dakika 20 kidonda kifunikwe kwa nailoni nyembamba safi ya kufungia chakula, ikilazwa juu bila kukazwa, au kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi. Pamba isitumike, maana hunata. Malengelenge yasitoboolewe.

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kipimo kizuri cha ukubwa wa jeraha. Lililo kubwa kuliko kiganja hicho lipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata lililo dogo lipelekwe ikiwa liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haina maumivu, au ikiwa aliyeungua ni mtoto, mzee au mjamzito. Kidonda kisichouma si habari njema. Mara nyingi maana yake ni kwamba mishipa ya fahamu nayo imeungua. Mafuta yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi kwa dakika 20 na mgonjwa apelekwe bila kungoja. Mhudumu aulizwe pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Nguo ikishika moto, aliyevaa asikimbie. Alale chini na kujiviringisha, na aliye karibu amfunike kwa blanketi zito la pamba au sufu. Kwa sababu hiyo mpishi hufunga ncha za kanga yake kiunoni, haachi mikono ya dera ining'inie juu ya karai, na hakaangi akiwa na mtoto mgongoni. Watoto wakae umbali wa hatua tatu kutoka jikoni, na mstari wa chaki au wa majivu sakafuni huwasaidia kukumbuka.

Mafuta yaliyowaka hayatumiki tena, hata yakichujwa. Yaachwe ndani ya karai chini ya kifuniko hadi yapoe kabisa, kisha yachanganywe na majivu au mchanga ndani ya kopo na kutupwa pamoja na taka, na si kwenye mtaro wala karo, ambako huganda na kuziba. Karai lisuguliwe hadi masizi na makombo yatoke, kitako chake kikaguliwe kama hakijatoboka, na kifuniko kioshwe, kikaushwe, na kurudishwa kwenye msumari wake kabla mafuta mapya hayajafunguliwa.